Kyubiti Ikianguka, Huanguka Upande Gani?

Chukua kyubiti moja ya aina inayotumiwa sana leo: saketi ndogo ya alumini iliyopozwa mpaka umeme unapita ndani yake bila ukinzani wowote. Imo ndani ya jokofu maalumu lenye joto la milikelvini 20, juu kidogo tu ya sifuri halisi. Ipige kwa mawimbi ya mikrowevu ili ipande kutoka hali ya 0 hadi hali ya 1, yaani ibebe kipande kimoja cha nishati. Kisha iache. Ngoja mikrosekunde 20, ipime, andika jibu, na urudie zoezi hilo mara elfu kadhaa.

Tuseme ni kyubiti ambayo T1 yake ni mikrosekunde 90. T1 ni muda ambao ukipita, uwezekano wa kuikuta kyubiti bado iko kwenye 1 huwa umeshuka hadi asilimia 37 hivi. Kwa kyubiti kama hiyo, baada ya mikrosekunde 20 utakuta kwamba mara moja katika kila tano 1 imegeuka kuwa 0. Sasa fanya zoezi lilelile ukianzia 0. Ngoja muda uleule, pima. Safari hii karibu hakuna kilichobadilika. Ile 0 uliyoiacha ndiyo uliyoikuta.

Kelele iliyoigusa kyubiti hiyo ina upande. Inavuta kutoka 1 kwenda 0, na hairudishi. Lakini ukisoma taarifa za mashine za kwanta, mara nyingi utapewa namba moja tu ya kosa, kama asilimia 0.1 kwa kila operesheni, na namba hiyo haina upande wowote. Nyuma yake kuna picha nyingine kabisa ya kelele, inayodhani kwamba kila hali inaharibiwa kwa kiasi kilekile. Picha hizo mbili zina majina: ya kwanza ni kufifia kwa ampulitudo, ya pili ni kupoteza mwelekeo. Nitaziita kelele ya kufifia na kelele ya kupoteza mwelekeo. Zinaweza kupewa namba ileile ya kosa, zikafanya mambo yanayopingana.

Ili kuziona vizuri, chora hali zote za kyubiti kama tufe la dunia. Ncha ya kaskazini ni 0, ncha ya kusini ni 1. Kwenye ikweta kuna hali ambazo ukizipima zinatoa 0 nusu ya mara na 1 nusu ya mara, lakini zinatofautiana kwa awamu, yaani mahali zilipo kuizunguka ikweta. Kyubiti safi, ambayo hali yake inajulikana kikamilifu, ipo juu ya uso wa tufe. Iliyochafuka kwa kelele huzama ndani. Kwenye kitovu chenyewe hatujui lolote: upime kwa namna yoyote, jibu ni la bahati nasibu. Picha hii hubeba jina la Felix Bloch, ambaye mwaka 1946 aliandika milinganyo ya namna viini vya atomu vinavyotulia ndani ya uga wa sumaku, na T1 ni urithi wa kazi ya zama hizo.

Kelele, basi, ni kitu kinacholibana tufe. Swali ni linabanwaje, na linasogezwa wapi.

Hapo ndipo inapoingia jumla ya opereta. Mwaka 1961 George Sudarshan, mwanafizikia aliyezaliwa Kerala nchini India, pamoja na Mathews na Rau, walichunguza kanuni ya jumla ya namna hali ya mfumo wa kwanta inavyoweza kubadilika unapoguswa na vitu vya nje. Mwaka 1971 Mjerumani Karl Kraus aliiweka kanuni hiyo katika sura inayotumika hadi leo, na ndiyo maana matriksi zake huitwa opereta za Kraus na kuandikwa kwa herufi K. Kanuni yenyewe inaogopesha kuliko inavyostahili:

```
ρ' = K0 ρ K0† + K1 ρ K1† + ...
```

Herufi ρ ni matriksi ndogo ya namba nne inayobeba yote tunayoyajua kuhusu kyubiti kabla ya kelele. Namba mbili za mshazari ni uwezekano wa kupata 0 na uwezekano wa kupata 1. Mbili zilizobaki zinabeba ile awamu ya ikweta. ρ' ni hali baada ya kelele. Kila K ni jambo moja ambalo mazingira yangeweza kulifanya, na alama ya † ni matriksi ileile ikiwa imegeuzwa. Tunajumlisha mambo yote kwa sababu hatujui ni lipi lililotokea.

Kwa kelele ya kufifia, mambo hayo ni mawili tu, na kila moja lina maana ya kushikika. Kyubiti yenye nishati imezungukwa na uga wa mikrowevu uliotulia, usio na fotoni hata moja. Muda ukipita, kyubiti inaweza kuachia kipande chake cha nishati kikawa fotoni na kuondoka. Sasa jiulize: ningeweza kuyauliza mazingira swali moja, ningeuliza nini? Ningeuliza kama kuna fotoni au hakuna. Majibu ni mawili, kwa hiyo opereta ni mbili:

```
K0 = [1     0   ]      K1 = [0   √γ]
     [0   √(1−γ)]           [0   0 ]
```

Namba γ ni uwezekano wa 1 kuanguka katika muda tunaouzungumzia. Kwa kyubiti yetu na mikrosekunde 20, ni karibu 0.2. K1 ni jibu la «ndiyo, fotoni imeonekana»: inaichukua sehemu ya 1 na kuiweka kwenye 0. K0 ni jibu la «hapana»: haibadili 0, lakini inaipunguza 1. Vipeuo vya pili vipo kwa sababu katika fizikia ya kwanta uwezekano hupatikana kwa kuinua ampulitudo kwenye mraba. Ukikusanya γ ya jibu la kwanza na 1−γ ya jibu la pili, unapata 1 kamili, kwa maana lazima mojawapo ya majibu litokee. Sharti hilo ndilo linaloiwekea mipaka orodha ya opereta: huwezi kuandika matriksi zozote unazotaka, lazima uwezekano ujumlike kuwa mzima.

Mtu anayekutana na K0 kwa mara ya kwanza kwa kawaida huuliza kwa nini isiwe tu «usifanye kitu». Kama hakuna fotoni iliyoondoka, si kyubiti imebaki ilivyokuwa? Hapana, na nadhani hapa ndipo palipo na uzuri wa somo hili lote. Chukua kyubiti iliyo kwenye ikweta, yenye uwezekano wa nusu kwa nusu. Uwezekano wa kutoa fotoni ni nusu ya 0.2, yaani 0.1. Tuseme una kigunduzi kamilifu na hakikusikia kitu. Hilo hutokea mara 9 kati ya 10. Ukimya huo ni ushahidi. Kama kyubiti ingekuwa kwenye 1 kulikuwa na nafasi ya kusikia kitu, na kama ingekuwa kwenye 0 hakukuwa na nafasi kabisa. Kwa hiyo kutosikia kunaisogeza hali upande wa 0. Hesabu inasema uwezekano wa 1 sasa ni 0.8 gawanya kwa 1.8, yaani 0.444 badala ya 0.5. Kyubiti imesogea kaskazini bila kutoa chochote.

Sasa acha kigunduzi na ujumlishe majibu yote mawili. Uwezekano wa 1 kwa jumla unakuwa 0.9 mara 0.444, ambao ni 0.4, pungufu ya 0.5 kwa moja ya tano kama tulivyotarajia. Na tufe zima? Mzunguko wa ikweta unabanwa hadi 0.894 ya upana wake wa mwanzo, kipeuo cha pili cha 0.8. Urefu wa kutoka ncha hadi ncha unabanwa zaidi, hadi 0.8. Kisha tufe lote lililobanwa linapandishwa juu hadi liguse ncha ya kaskazini tena. Ncha hiyo haikusogea hata kidogo. Kitovu cha zamani, palipokuwa pa kutojua lolote, nacho kimepanda.

Kelele ya kupoteza mwelekeo haina hadithi ya fotoni. Inasema hivi: kwa uwezekano p, hali ya kyubiti inatupwa na mahali pake panawekwa kitovu cha tufe; kwa uwezekano uliobaki haiguswi. Tufe linabanwa sawasawa pande zote, likibaki palepale katikati. Katika sura ya Kraus linahitaji opereta nne:

```
√(1−3p/4)·I   √(p/4)·X   √(p/4)·Y   √(p/4)·Z
```

I ni kutofanya kitu. X hugeuza 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0. Z huzungusha awamu nusu mzunguko kuizunguka ikweta. Y hufanya yote mawili. Kila moja ya hizo tatu inatokea kwa uwezekano uleule. Ukilichukua tufe na kuligeuza kwa X, Y, Z au kuliacha, robo kwa robo, wastani wake ni kitovu, ndiyo sababu hadithi ya «kutupa na kuanza upya» na hadithi ya «kugeuza kwa nasibu» ni chaneli ileile. Hakuna kipimo cha kyubiti hiyo peke yake kitakachokuambia ni hadithi ipi iliyotokea kweli. Orodha ya opereta si picha ya pekee. Orodha mbili zinazotofautiana zinaweza kutoa ρ' ileile.

Uhuru huo umezaa mkanganyiko mmoja wa kawaida, na inafaa kuutaja kwa kuwa wanafunzi wanaoandika programu huangukia humo. Katika maktaba ya Qiskit, `depolarizing_error` hupokea p ya kutupwa, kama nilivyoieleza hapo juu. Katika maktaba ya Cirq, `cirq.depolarize` hupokea uwezekano wa kugeuzwa kwa X, Y au Z, ambao ni robo tatu ya ile p. Mtu akinakili 0.1 kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kuangalia, kelele yake imeongezeka kwa theluthi moja au kupungua kwa robo, kutegemea ametoka upande upi, na programu haitamwonya.

Turudi kwenye kyubiti yetu tuzilinganishe kelele mbili kwa haki. Tukitaka ziwe na kosa sawa kwa wastani, tunachukua hali zote za uso wa tufe, tunaangalia kila moja imeharibika kiasi gani, na kugawanya. Kwa γ ya 0.2, kelele ya kufifia inatoa kosa la wastani la 0.0685, karibu asilimia 7. Kelele ya kupoteza mwelekeo inatoa kosa lilelile p ikiwa 0.137. Namba moja, kelele mbili.

Anza na 0. Kelele ya kufifia: kosa sifuri. Kelele ya kupoteza mwelekeo: 0.0685. Anza na 1. Ya kufifia: 0.2, ambalo ni karibu mara tatu ya wastani. Ya kupoteza mwelekeo: 0.0685 ileile. Kwenye ikweta, ya kufifia inatoa 0.053 na nyingine inabaki 0.0685, maana haijui tofauti ya mahali. Mashine inayohifadhi majibu yake mengi kwenye 0 itaonekana bora kuliko namba yake, na ile inayoyahifadhi kwenye 1 itaonekana mbovu, ilhali taarifa iliyochapishwa ni ileile.

Rudia kelele mara kumi mfululizo, ukianzia 1, na tofauti inakuwa kubwa zaidi. Chini ya kelele ya kupoteza mwelekeo, uwezekano wa kuikuta kyubiti bado kwenye 1 unashuka hadi 0.61 hivi. Ukiendelea utakaribia 0.5 na hutashuka chini ya hapo kamwe. Kitovu ndicho mwisho wa safari. Chini ya kelele ya kufifia, 0.8 ikijizidisha mara kumi inabaki 0.107. Kyubiti iko kwenye 0 karibu mara 9 kati ya 10.

Angalia njia iliyopita. Kutoka ncha ya kusini, ilizama moja kwa moja kuelekea kitovu. Baada ya raundi tatu uwezekano wa 1 ulikuwa 0.512, yaani karibu hatukujua lolote kuhusu hali yake. Kisha ikaendelea kupanda, na kila raundi iliyofuata ikaifanya kuwa safi zaidi. Kelele inayosafisha. Maabara huitumia makusudi: njia ya zamani kabisa ya kuiandaa kyubiti kwenye 0 ni kuiacha bila kuigusa kwa muda wa T1 kama tano hivi, na nafasi ya kuwa bado kwenye 1 inakuwa imeshuka chini ya asilimia moja. Kelele ya kupoteza mwelekeo haiwezi kukupa zawadi hiyo hata ukiingoja mwaka.

Kwenye karatasi mambo yamenyooka. Kwenye meza ya maabara, mtu akikuonyesha kwamba 1 inakosewa zaidi kuliko 0, usikimbilie kusema ni kelele ya kufifia. Kipimo chenyewe huchukua muda, na wakati kinaendelea ile 1 inaweza kuanguka kabla jibu halijaandikwa. Kwa hiyo hata kama hakukuwa na kungoja kokote, 1 itasomwa vibaya mara nyingi zaidi kuliko 0. Kosa ni la usomaji, lakini linavaa sura ya kelele unayoitafuta.

Dawa yake ni kubadilisha muda wa kungoja. Pima bila kungoja, kisha baada ya mikrosekunde 10, 20, 40, 80, 160 na kuendelea, na uchore uwezekano wa 1 dhidi ya muda. Kosa la usomaji ni lilelile kwa kila nukta, kwa hiyo linaamua mchoro unaanzia wapi. Kuanguka kwa nishati kunaamua mteremko wake. Halafu angalia mchoro unatulia wapi mwishoni. Ukitulia karibu na usomaji wa 0, una kelele ya kufifia. Ukitulia katikati, nusu kwa nusu, kuna kitu kinachopandisha kyubiti kama kinavyoishusha. Rudia mchoro uleule ukianzia 0: chini ya kelele ya kufifia utakuwa mstari uliolala, na chini ya kelele ya kupoteza mwelekeo utapanda kwenda katikati. Ni michoro miwili tu, na inakueleza zaidi ya namba yoyote ya wastani.

Kuna uthibitisho wa tatu kutoka ikweta. Muda ambao awamu ya ikweta inadumu huitwa T2. Kama kitu pekee kinachoisumbua kyubiti ni kuanguka kwa nishati, T2 huwa mara mbili ya T1 kamili, maana mzunguko wa ikweta unabanwa kwa kipeuo cha pili tu. Kwa kyubiti yetu ingekuwa mikrosekunde 180. Ukipima ukakuta 100, kuna kelele nyingine inayotikisa awamu bila kuchukua nishati. Kelele ya kupoteza mwelekeo peke yake, kwa kuwa hubana pande zote sawa, ingefanya T1 na T2 zilingane.

Kama tofauti ni kubwa hivyo, kwa nini taarifa nyingi zinatoa namba moja? Sababu si uvivu. Njia maarufu ya kupima ubora wa operesheni, iliyofanyiwa kazi na kikundi cha Knill katika taasisi ya NIST huko Boulder, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2008, huchukua mfululizo mrefu wa operesheni zilizochaguliwa kwa nasibu, kisha operesheni ya mwisho inayopaswa kuirudisha kyubiti ilipoanzia. Operesheni hizo za nasibu zinaligeuza tufe huku na huku, kwa hiyo kelele iliyokuwa ikivuta kaskazini sasa inavuta mara kaskazini, mara kusini, mara mashariki. Kwa wastani haina upande tena. Kelele yoyote, hata ya kufifia, ikipitishwa kwenye kinu hicho inatoka ikiwa ya kupoteza mwelekeo. Faida yake ni kubwa: kosa la usomaji linajitenga lenyewe, na unabaki na namba safi unayoweza kuilinganisha na ya maabara nyingine. Gharama yake ni kwamba upande umefutwa na kipimo chenyewe, halafu msomaji anadhani haukuwepo.

Kuujua upande kuna thamani, na mfano bora ni wa mwaka 1997. Wakati huo ilishajulikana kwamba kuikinga kyubiti moja dhidi ya kosa lolote lililoipata kyubiti mojawapo kunahitaji kuitandaza juu ya kyubiti zisizopungua tano. Debbie Leung, Michael Nielsen, Isaac Chuang na Yoshihisa Yamamoto waliuliza swali dogo zaidi: na ikiwa kosa ni kufifia tu? Walipata mpangilio wa kyubiti nne. Hali ya 0 inaandikwa kama mchanganyiko sawa wa 0000 na 1111. Hali ya 1 kama mchanganyiko sawa wa 0011 na 1100.

Fuata kinachotokea. Kila neno katika orodha hiyo lina idadi shufwa ya 1: sifuri, mbili au nne. Kyubiti moja ikianguka, idadi inakuwa witiri. Kutoka 1111 unapata neno lenye 1 tatu, kutoka 0011 au 1100 unapata neno lenye 1 moja, na haiwezekani kwenda kinyume kwa sababu kelele hii haipandishi. Kwa hiyo ukikagua jozi mbili, mbili za kwanza na mbili za mwisho, kila moja kama ina idadi shufwa au witiri, unajua kuanguka kumetokea katika jozi ipi, na kutoka hapo hali ya asili inaweza kujengwa upya. Kama kelele ingeweza pia kupandisha, neno lenye 1 moja lingeweza kuwa limetoka 0000, na ukaguzi huo usingekuambia ni lipi.

Kuna kasoro, na inatoka kwa K0, ile opereta ya ukimya. Wakati hakuna aliyeanguka, 1111 inapungua uzito huku 0000 ikibaki, kwa hiyo mchanganyiko uliokuwa sawa unaelemea upande mmoja. Mpangilio wa kyubiti nne hauwezi kuuondoa mwelemeo huo kikamilifu. Kosa linalobaki linakua kwa mraba wa γ: γ ikiwa 0.01, linalobaki ni la kiwango cha sehemu chache katika 10,000, na hiyo ni faida ya kweli. Kwa γ ya 0.2 tuliyoitumia hapa faida inayeyuka, hivyo marekebisho lazima yafanyike mapema, kabla kyubiti haijaachwa kwa mikrosekunde 20. Ndiyo maana kichwa cha makala yao kilisema waziwazi kwamba ni urekebishaji wa kukaribia tu.

Hata kelele ya kufifia, katika sura niliyoiandika, ni ya jokofu lililo bora kuliko la kweli. Kyubiti ya gigahezi 5 kwenye milikelvini 20 ingepaswa kukutwa kwenye 1 chini ya mara moja katika 100,000. Maabara mara nyingi hukuta zaidi ya hapo, hata asilimia moja au zaidi, kwa kuwa joto hupenya kupitia nyaya na mionzi inayovuja. Hapo opereta mbili hazitoshi. Zinaongezwa nyingine mbili kwa ajili ya kupanda kutoka 0 kwenda 1, na tufe linatulia chini kidogo ya ncha ya kaskazini.

Na γ yenyewe haisimami. T1 ya kyubiti hiyohiyo, katika jokofu hilohilo, hupanda na kushuka kutoka saa hadi saa, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya dosari ndogo katika tabaka za oksidi zinazobadilisha marudio yake na mara nyingine kuangukia marudio ya kyubiti na kuila nishati yake. Orodha ya Kraus inadhani kwamba mwanzoni mazingira hayakuwa na uhusiano wowote na kyubiti, na mtu anayezidisha chaneli ileile mara kumi, kama tulivyofanya hapo juu, anadhani pia kwamba mazingira yanasahau kila raundi. Dosari inayobadilishana nishati na kyubiti haisahau haraka hivyo. Inaweza kurudisha sehemu ya ilichochukua, na mchoro wa kuanguka unapata mawimbi madogo badala ya mteremko laini. Ukiyaona mawimbi hayo kwenye mchoro wako, usilazimishe γ moja. Pima T1 tena baada ya saa kadhaa, sogeza kidogo marudio ya kyubiti kama saketi inaruhusu, na uone kama mawimbi yanahama nayo.